Kiwango cha kuagiza tunacho, mbona karatasi zinaisha?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimekabidhiwa kabati la vifaa vya ofisini pamoja na daftari lake. Kila anayechukua kitu anaandika tarehe, jina, kifaa na idadi, kisha anatia sahihi. Tulikubaliana karatasi za A4 zikibaki rimu 10 tuagize nyingine. Mzabuni huleta ndani ya siku tano, lakini karibu kila mzunguko tunaishiwa. Nimepandisha hadi 15, bado. Huku bahasha kubwa zimejaa, hazina mchukuaji. Daftari langu lina kasoro gani, na hicho kiwango hupatikanaje?

Jibu: Marahaba. Nadhani najua hiyo namba 10 ilipatikanaje. Kuna mtu alifungua daftari, akajumlisha rimu zote zilizotoka, akagawanya kwa idadi ya wiki, halafu akazidisha kwa muda wa kusubiri mzigo. Njia aliyopita ni nzuri. Kilichomwangusha ni daftari lenyewe, kwa sababu linaandika kilichotoka tu. Mtu akija kuomba rimu nne akakuta hamna kitu, anageuka na kuondoka, na daftari halibaki na alama yoyote kwamba alifika. Kwa hiyo wiki ambayo ofisi ilihangaika zaidi kutafuta karatasi ndiyo inayoonekana kwenye daftari kama wiki ambayo hakuna aliyezihitaji. Ukikokotoa kiwango kutokana na kumbukumbu za namna hiyo unapata namba ndogo, namba ndogo inakuletea upungufu mwingine, na upungufu huo unaishusha namba inayofuata.

Tuone kwa mfano wa wiki nane za karatasi za A4. Safu ya kwanza ni kile ambacho idara zilihitaji kweli, ya pili ni kile kilichotoka kabatini.

| Wiki | Zilizoombwa (rimu) | Zilizotoka (rimu) |
|---|---|---|
| 1 | 6 | 6 |
| 2 | 5 | 5 |
| 3 | 7 | 7 |
| 4 | 6 | 4 |
| 5 | 7 | 0 |
| 6 | 5 | 2 |
| 7 | 6 | 6 |
| 8 | 6 | 6 |
| Jumla | 48 | 36 |

Anayesoma safu ya pili peke yake atasema ofisi inatumia rimu 36 kwa wiki nane, yaani nne na nusu kwa wiki. Ukisubiri mzigo kwa wiki mbili, utahitaji rimu tisa. Ongeza moja ya tahadhari, unapata 10 yako. Anayesoma safu ya kwanza ataona rimu 48, yaani sita kwa wiki. Ofisi ni ileile na wiki ni zilezile. Rimu 12 za tofauti ni zile zilizoombwa kuanzia wiki ya nne hadi ya sita zikakosekana, na huenda idara zilizinunua kwa fedha ndogondogo au kazi ikaahirishwa.

Jambo la pili ni hizo siku tano za mzabuni. Hizo ni siku zake yeye, zinaanza anapopokea oda. Siku zako wewe zinaanza salio linapogusa kiwango, na zinaisha pale karatasi zinapokuwa rafuni, zimehesabiwa na kuandikwa. Katikati hapo kuna siku ambazo ombi la kununua linasubiri sahihi, siku za kutoa oda, mwisho wa wiki, na siku ambayo mzigo umefika ila anayetakiwa kuukagua hayupo. Usikisie muda huu. Andika tarehe tatu kwa kila mzunguko: siku kiwango kilipoguswa, siku oda ilipotoka na siku mzigo ulipoingia. Baada ya mizunguko mitatu au minne utakuwa na muda wa kawaida na muda mrefu kuliko yote, na mara nyingi utakuta kinachokula siku nyingi ni mlango wenu wenyewe, si gari la mzabuni. Kwa mfano wetu tuseme muda wa kawaida ni wiki mbili, na uliowahi kuwa mrefu zaidi ni wiki tatu.

Sasa kiwango. Hesabu wanayoitumia watunza stoo wengi ni nyepesi: matumizi ya juu kabisa ya wiki mara muda mrefu kabisa wa kusubiri. Wiki nzito kwenye jedwali ilikuwa ya rimu saba, na kusubiri kurefu ni wiki tatu, hivyo kiwango cha kuagiza ni rimu 21. Angalia sasa kwa nini 15 ilikuangusha. Mzigo ukichelewa hadi wiki ya tatu, ofisi itataka rimu 18 hata kwa matumizi ya kawaida tu. Rimu 15 zinakufikisha nusu ya wiki ya tatu, basi.

Kutoka hapo unapata namba ya pili, ambayo watu wengi huichanganya na ya kwanza. Chukua 21, toa matumizi ya kawaida katika muda wa kawaida, yaani sita mara mbili, zinabaki tisa. Hicho ndicho kiwango cha chini. Mambo yakienda kama kawaida, mzigo mpya unakukuta na rimu zipatazo tisa rafuni. Kiwango cha kuagiza kinakwambia uandike ombi la kununua; kiwango cha chini kinakwambia kwamba ombi ulishaliandika, muda unapita, na kuna kitu hakiendi sawa, kwa hiyo shika simu umtafute mzabuni au aliyekalia karatasi bila kusaini. Ofisi yenye namba moja tu huanza kuagiza pale ilipopaswa kuwa tayari inafuatilia. Nakuomba uziandike zote mbili juu ya ukurasa, kila moja na jina lake.

Najua bosi wako anaweza kuuliza kwa nini ushike rimu 21 wakati wiki nzito tatu mfululizo hutokea kwa nadra. Ana hoja, na hesabu hii kweli inaelemea upande wa usalama. Kwa karatasi mimi naikubali bila wasiwasi, maana rimu iliyofungwa vizuri mahali pakavu haiharibiki, na itatumika tu. Ila zisifunguliwe mapema. Karatasi zilizotolewa kwenye kifungashio hunyonya unyevu, kisha zinakwama kwenye printa, na hapo unapoteza rimu ambayo daftari linaihesabu kuwa nzima.

Fomu yenye idadi tatu

Ili kupata ile safu ya maombi unahitaji fomu ndogo ya kuombea vifaa, yenye namba iliyochapwa, ijazwe kabla mtu hajafika kabatini. Kwa kila kifaa iwe na sehemu tatu za idadi: iliyoombwa, iliyoidhinishwa na iliyotolewa. Anayeomba anajaza ya kwanza, mkuu wa idara yake ya pili, wewe unajaza ya tatu, kisha mpokeaji anatia sahihi mbele ya ile ya tatu. Sahihi iende kwa alichopokea mkononi, si kwa alichoomba. Mistari isiyotumika chini ya fomu ipigwe mstari papo hapo, ili kisije kikaongezwa kitu baada ya idhini.

Utauliza: za nini tatu, mbili zisitoshe? Kwa sababu ombi lenyewe si kipimo safi cha mahitaji. Ofisi ikishazoea kuishiwa, watu hujifunza kuomba sita ili wapewe tatu, na ukichukua maombi yao ghafi kama yalivyo utajikuta umejaza kabati kutokana na hofu yao. Idhini ndiyo inayochuja. Lakini idhini hiyo ina sharti moja ambalo nalisisitiza sana: anayeidhinisha aangalie kazi ya idara, asiangalie kabati. Akiuliza "zimebaki ngapi?" ndipo aandike idadi, basi ameshapunguza mahitaji yafanane na upungufu, na umerudi palepale ulipoanzia. Idara ikihitaji nne, aandike nne. Kama kabatini ipo moja, wewe ndiye utakayeandika moja kwenye sehemu ya iliyotolewa, na pengo la tatu litabaki linaonekana.

Kinachohamia kwenye daftari kama "ombi" ni idadi iliyoidhinishwa. Safu ya kwanza ya lile jedwali la wiki nane isomeke hivyo.

Ukurasa wa kila kifaa

Daftari lako la sasa linafuata tarehe, vitu vyote vimechanganyika: kalamu, karatasi, pini za stepla, gundi. Daftari la namna hiyo linafaa kujua nani alichukua nini jana, lakini haliwezi kukupa salio bila kukaa chini na kujumlisha kurasa nzima. Ndiyo maana nadhani unagundua karatasi zimefika 10 kwa kuangalia rafu, tena siku uliyokumbuka. Kila kifaa kipewe ukurasa wake, na salio liandikwe kila kinapotoka au kuingia. Juu ya ukurasa weka jina kamili (karatasi A4, nyeupe, gramu 80), kipimo cha kutolea, kipimo cha kununulia, kiwango cha kuagiza, kiwango cha chini, na kiasi cha kuagiza kila mara. Mwanzo wa ukurasa wa karatasi ungeonekana hivi:

| Tarehe | Hati | Maelezo | Ombi | Ingia | Toka | Salio |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 2/6 | – | Salio kwa kuhesabu | – | – | – | 26 |
| 3/6 | Fomu 141 | Uhasibu | 3 | – | 3 | 23 |
| 4/6 | Fomu 142 | Utawala | 2 | – | 2 | 21 |
| 4/6 | Oda 17 | Njiani: katoni 6, rimu 30 | – | – | – | 21 |
| 5/6 | Fomu 145 | Masjala | 2 | – | 2 | 19 |

Tarehe 4 salio limegusa 21, na ombi la kununua limeandikwa siku hiyohiyo. Tuseme wiki inayofuata zinatoka rimu sita, salio linakuwa 13. Siku tatu za wiki ya tatu zinatoka nne, salio tisa, na tarehe 18 katoni sita zinaingia: 9 jumlisha 30, salio 39. Hivyo ndivyo mzunguko mzuri unavyosomeka. Mzigo umekukuta palepale kwenye kiwango cha chini.

Ule mstari wa oda unaonekana kama pambo kwa sababu haubadilishi salio, lakini usiuruke. Bila huo, tarehe 9 mtu mwingine akikushikia zamu ataona salio liko chini ya 21 na kuagiza katoni sita nyingine. Nimekuta makabati yaliyofurika kwa sababu hii tu: kila aliyefungua daftari aliona namba ndogo akaagiza, wala hakukosea kwa alichokiona. Kinacholinganishwa na kiwango cha kuagiza ni salio pamoja na kilicho njiani. Kiwango cha chini, hicho kilinganishe na salio la rafuni peke yake, maana karatasi zilizo njiani hazichapishi barua.

Sasa lile pengo. Tuseme siku nyingine, kwa Fomu 160, Masjala waliidhinishiwa nne, ikawepo moja. Unaandika ombi 4, toka 1, salio 0. Mzigo ukifika wakaja kuchukua tatu zao, unaandika mstari mpya: kwenye hati "Fomu 160, baki", kwenye ombi unaweka kistari, kwenye toka 3. Usiandike tena 3 kwenye ombi. Ukifanya hivyo hitaji moja limehesabiwa mara mbili, na kiwango chako kitavimba polepole bila wewe kujua kwa nini. Vivyo hivyo mtu akirudi na fomu mpya kwa haja ileile ambayo hakupata wiki iliyopita: ile ya zamani ifutwe kwa mstari na kuandikwa "imerudiwa", ibaki moja.

Kuna pia maombi yasiyo ya kawaida, kama rimu 20 za kuchapisha makabrasha ya mkutano mkuu. Hayo yape alama, herufi M kwa "maalumu" inatosha, na uyaache nje unapotafuta wiki nzito kuliko zote. Mahitaji yanayojulikana mapema huagiziwa mzigo wake wenyewe. Ukiyaingiza kwenye hesabu, wiki moja ya mkutano itakulazimisha kushika akiba ya mkutano mwaka mzima.

Rimu na katoni

Kosa linaloharibu salio kuliko yote nililowahi kukutana nalo ni la kipimo. Katoni ya karatasi za A4 kwa kawaida ina rimu tano, na rimu ina karatasi 500. Mzabuni anaandika kwenye hati yake "6", akimaanisha katoni. Wewe unatoa kwa rimu. Mpokeaji akiingiza 6 kwenye daftari linalohesabu rimu, rimu 24 zimepotea kwenye karatasi ingawa ziko rafuni. Upande wa kutoa ni vilevile: mtu kabeba katoni nzima, akaandika "1".

Uzuri wa kosa hili ni kwamba linaacha nyayo. Ukihesabu rafu ukakuta tofauti na daftari ni nne kamili, au nane, au 12, anza kutafuta katoni iliyoandikwa kama rimu moja, kwa sababu tano zilizobebwa ukitoa moja iliyoandikwa ni nne. Tofauti ikiwa tano kamili, tafuta katoni ambayo haikuandikwa kabisa, iwe ilitoka au iliingia. Tofauti ya moja au mbili isiyo na mpangilio mara nyingi ni ya watu waliofungua kabati baada ya saa za kazi, na hiyo haitibiwi na hesabu. Inatibiwa na ufunguo kuwa na mtu mmoja na msaidizi mmoja anayejulikana.

Kuhesabu kwenyewe usisubiri mwisho wa mwaka. Wakati mzuri ni siku salio la daftari linapogusa kiwango cha kuagiza, kabla hujaandika ombi la kununua. Vilivyobaki ni vichache, dakika mbili zinatosha, na hiyo ndiyo siku ambayo kosa la salio lingekugharimu zaidi. Ukikuta daftari linasema 21 na rafu ina 18, usifute 21. Andika mstari mpya wenye tarehe, maelezo "tofauti ya kuhesabu", toka 3, salio 18, na sahihi yako pamoja na ya shahidi. Mstari huo usiingie kwenye safu ya ombi. Kosa lolote la maandishi lipigwe mstari mmoja ili la zamani lisomeke, na wino mweupe wa kufutia usiguse daftari hili, kwa sababu siku mkaguzi atakapouliza rimu tatu zilikwenda wapi, mstari ule ndio utetezi wako.

Ukitumia Excel

Daftari la karatasi linatosha kwa kabati moja. Ukipenda kompyuta, usitengeneze kurasa 40. Andika miamala yote kwenye jedwali moja lenye safu A tarehe, B namba ya kifaa, C ombi, D ingia, E toka. Salio la mwanzo liingize kama mstari wa kwanza wa kila kifaa kwenye safu D. Pembeni weka orodha ya vifaa, namba ya kifaa ikiwa H2, kilicho njiani J2 na kiwango cha kuagiza K2. Kwenye I2 weka salio, na kwenye L2 alama ya kuagiza:

```
=SUMIFS(D:D,B:B,H2)-SUMIFS(E:E,B:B,H2)
=IF(I2+J2<=K2,"AGIZA","")
```

Nimesema namba ya kifaa na si jina kwa sababu "Karatasi A4" na "A4 karatasi" ni vitu viwili kwa kompyuta, na salio litagawanyika bila onyo lolote. Kifaa kipewe namba fupi na watu waichague kwenye orodha, wasiichape. Pia kumbuka fomula inasoma kilichoingizwa tu. Ukikusanya fomu za wiki nzima ukaziingiza Ijumaa, salio la Jumatano ni la Ijumaa iliyopita, na kiwango kinaweza kuguswa siku nne kabla hujakiona. Kama hiyo ndiyo ratiba yenu, ihesabu kama sehemu ya muda wa kusubiri: ongeza wiki moja, na 21 yetu inakuwa 28.

Bahasha, na tona

Bahasha zako nadhani zimejaa kwa sababu zilipewa kiwango kilekile cha karatasi. Ni kawaida sana. Mtu anaandika "kiwango cha chini 10" juu ya kila ukurasa kwa sababu ni namba iliyo rahisi kukumbuka. Fungua kumbukumbu ulizonazo ujumlishe. Ikiwa bahasha za A3 hutoka pakiti moja kwa mwezi, mwezi mzito pakiti mbili, na mzigo hauzidi wiki tatu kufika, basi kiwango cha kuagiza ni pakiti mbili. Kama rafuni zipo 40, una zaidi ya miaka mitatu ya bahasha. Andika kwa wino mwekundu juu ya ukurasa "isiagizwe hadi salio 2", kwa sababu anayeshika zamu hatajua. Na zikague: gundi ya mdomo wa bahasha hukauka ikikaa sana, hivyo toa za zamani kwanza, na pakiti mpya ziwekwe nyuma ya za zamani.

Tona ni kesi tofauti tena. Inatoka mara chache, pengine moja kwa miezi miwili, na ukiwa na matokeo machache kiasi hicho huna wiki nzito wala wiki nyepesi ya kukokotolea. Lakini ikikosekana printa inasimama. Kwa kifaa cha namna hii mimi huacha hesabu na kuweka kanuni: kwa kila aina ya tona kuna moja ndani ya printa na moja rafuni, na siku ile ya rafuni inapotoka ndiyo siku ya kuandika ombi la kununua, kabla mpokeaji hajaondoka dirishani. Kiwango cha kuagiza ni sifuri rafuni, kiasi cha kuagiza ni moja. Tona mpya iliyoingia kwenye printa ndiyo inayokuvusha muda wa kusubiri, kwa hiyo pima kama kweli hudumu kuliko wiki zako tatu. Printa inayomaliza tona ndani ya mwezi ishikiwe mbili. Ukurasa wake uwe na namba kamili ya tona na jina la printa inayoitumia, maana printa ikibadilishwa, tona ya rafuni haimfai mtu, na hapo ukurasa ufungwe siku hiyohiyo ili isiagizwe nyingine kwa mazoea.

Kwa kuanza, usigeuze kabati zima wiki hii. Anza na karatasi za A4 na vifaa vingine vinne au vitano vinavyotoka kila wiki, hesabu rafu, fungua kurasa, weka fomu. Kwa kuwa bado huna safu ya maombi ya nyuma, tumia wiki zile tu ambazo kabati halikuwa tupu kupata wiki nzito. Wiki za upungufu ziruke kabisa, usizihesabu kama sifuri. Hicho kitakuwa kiwango cha muda. Zikitimia wiki 12 za maombi yaliyoandikwa, kokotoa upya, na uandike kwa penseli tarehe ya kukikokotoa kando ya namba yenyewe.